Bamia zisizovutika: kisu kikavu, moto mkali, ndimu mwishoni

Chukua bamia moja, ikate vipande vitatu au vinne, vitumbukize kwenye glasi ya maji, kisha endelea na shughuli zako kwa dakika kumi. Ukirudi, chovya kidole. Maji yamekuwa mazito na yanateleza, na ukiinua kidole yanakuja na uzi. Hukuweka moto wala hukukoroga. Bamia na maji vimekutana tu, basi.

Nimeanza na glasi hiyo kwa sababu wengi wetu tunaulaumu moto au tunalaumu bamia zenyewe, kumbe tatizo limeanzia kwenye sinki. Ute wa bamia ni jamii ya sukari ndefu, minyororo mirefu iliyohifadhiwa ndani ya kuta za tunda, na kazi yake ni kushika maji. Ukiwa na maji machache unabaki kuwa gundi nyembamba iliyoganda penye mkato. Ukiyapata mengi unavimba, unasambaa na kuanza kuvuta nyuzi. Kwa hiyo mpishi anayetaka bamia zisizovutika ana kazi mbili: kuunyima ute maji, na kuudhoofisha ule utakaotoka hata hivyo. Kisu kikavu na moto mkali vinafanya kazi ya kwanza, na tindikali kidogo inafanya ya pili. Mpangilio wake ndio wenye siri, maana vitu hivyohivyo vikifuatana vibaya vinaharibu sufuria nzima.

Nitaelekeza kwa nusu kilo ya bamia, kiasi kinachotosha watu wanne kama kitoweo cha pembeni.

Kuchagua

Hapa nitapita haraka. Tafuta bamia changa, zenye urefu wa kidole au pungufu, na ukikunja ncha yake ikatike kwa mlio. Ncha inayopinda bila kukatika ni ya bamia iliyokomaa. Hiyo ina nyuzi ngumu za kutafuna ambazo moto huu wa haraka hautazilainisha, na ukiipika muda mrefu ili ilainike utakuwa umeupa ute nafasi uliyokuwa unaunyima. Acha pia zenye madoa meusi yaliyobonyea au ngozi inayonata mkononi. Bamia hazipendi baridi kali. Zikikaa siku nyingi kwenye kona ya friji yenye baridi zaidi zinapata mabaka na kuanza kuteleza hata kabla ya kukatwa.

Kuosha na kukausha

Osha bamia zikiwa nzima, na kofia zake juu. Ngozi ikiwa haijachanwa maji hayaingii, na ute hautoki. Zipitishe chini ya bomba, zisugue kidogo kwa kiganja kuondoa vumbi na vile vinyweleo, kisha zitoe mara moja. Usiziloweke.

Baada ya hapo zikaushe kwelikweli. Mimi hutandaza kitambaa safi mezani, nikazimwaga bamia juu yake kwa safu moja, nikazifuta moja moja kwa kitambaa kingine, halafu nikaziacha wazi kwa muda wa saa moja hivi. Ukijua utapika jioni, zioshe asubuhi. Jihadhari na sehemu mbili zinazoficha maji: pale kofia inapokutana na tunda, na kwenye mifereji kati ya mabega yake. Pitisha ncha ya kitambaa hapo. Tone moja lililojificha chini ya kofia litashuka na kisu hadi ndani, na ubao utaanza kuteleza kabla hujamaliza bamia ya tano.

Kuna wanaokata kwanza ndipo waoshe, wakidhani wanausafisha ute utoke. Unatoka, ni kweli, lakini mwingine unakuja nyuma yake, kwa kuwa kila mkato ni mlango uliofunguliwa na maji yanaendelea kuuvuta. Unamaliza na bamia zilizolowa zinazonata, ambazo hakuna kitambaa kitakachozifuta.

Kukata

Kisu kiwe kikali. Kisu butu kinaponda kuta za bamia badala ya kuzipasua, na penye kupondwa ndipo ute unapovuja zaidi. Ubao uwe mkavu, na weka kitambaa kikavu karibu. Kila baada ya bamia sita au saba, futa kisu na ubao. Usivisuuze kwa maji, futa tu.

Ondoa kofia, na kipande chembamba cha ncha ukitaka. Kisha kata vipande vya sentimita 2 hivi, kwa kulaza kisu kidogo ili mkato uwe wa mshazari. Watu hupenda kukata bamia visahani vyembamba kama sarafu kwa kuwa vinaiva upesi. Lakini hesabu nyuso: bamia ya sentimita 8 ukiikata vipande vinne una nyuso nane zilizo wazi, na ukiikata vipande kumi na sita una nyuso thelathini na mbili. Kila uso unavuja. Ukitaka njia yenye mikato michache zaidi, pasua bamia katikati kwa urefu. Unapata nyuso mbili tu, pana na bapa, zinazolala vizuri kwenye chuma cha moto na kukauka haraka. Mimi hufanya hivyo bamia zikiwa ndogo.

Vipande vikishakatwa, vitandaze kwenye sinia pana, visirundikane kwenye bakuli. Viache hapo robo saa au nusu saa wakati unakata vitunguu. Ukivigusa baada ya hapo utaona uso wa mkato umeanza kukakamaa. Hewa imeshakufanyia sehemu ya kazi.

Na usitie chumvi. Bado. Chumvi inavuta maji kutoka ndani ya mboga, na maji hayo yatatoka yakiwa yameubeba ute.

Moto

Bamia sehemu kubwa ni maji, na hayo ya ndani huwezi kuyaepuka. Unachoweza kufanya ni kuyapeleka hewani upesi kuliko yanavyotoka. Chombo kikiwa na unyevu, joto la pale chini haliendi mbali kupita nyuzi 100, joto la maji kuchemka, na kwa joto hilo bamia zinachemka katika ute wake. Uso wa kipande ukishakauka, joto linapanda juu zaidi, ute unaganda kuwa utando mkavu, na kingo zinageuka rangi ya kahawia. Kwa hiyo ile rangi ya kahawia usiichukulie kama urembo tu. Inakuambia kwamba mahali pale maji yamekwisha.

Tumia kikaango kipana chenye chini nzito. Kikaango cha sentimita 28 kinabeba nusu ya bamia zetu kwa wakati mmoja, yaani gramu 220 hivi baada ya kuondoa kofia. Nusu nyingine inasubiri kwenye sinia. Najua inaudhi kukaanga mara mbili wakati wenye njaa wanachungulia mlangoni, lakini hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote. Vipande vikipandana, mvuke wa vile vya chini unanaswa na vya juu, unarudi kuwa maji, na hapo umeshaanza kuchemsha badala ya kukaanga. Vipande vilale safu moja, na uweze kuona sehemu za chuma kati yake.

Pasha kikaango moto wa juu, tia vijiko viwili vya chakula vya mafuta, subiri mpaka mafuta yatiririke kama maji ukiinamisha chombo. Ikiwa kikaango chako ni cha aina isiyoshika chakula, usikiache kitupu kwenye moto mkali, tia mafuta mapema. Tupa kipande kimoja cha bamia. Kikilia "chwaa" papo hapo, mwaga vilivyobaki na uvitandaze. Kikikaa kimya, kitoe usubiri.

Sasa acha. Usiguse kwa dakika mbili hadi tatu. Mkono utawasha kutaka kukoroga, na kukoroga ndiko kunakovuta nyuzi na kutawanya ute uliokuwa umetulia penye mkato. Halafu geuza kwa mwiko mpana kwa kuchota kutoka chini na kupindua, uache tena dakika mbili.

Kati ya dakika ya tatu na ya tano utaona jambo la kukatisha tamaa: nyuzi nyeupe kati ya vipande, zinazovutika kila ukigeuza, na utahisi ute umezidi kuliko mwanzo. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, wakatia maji ili "ziive vizuri", au wakafunika. Usifanye lolote kati ya hayo. Ute umetoka kwa sababu joto limefungua kuta, na bado haujakauka. Endelea na moto uleule. Kufikia dakika ya saba au ya nane nyuzi zinakatika, zinakuwa vitone vidogo vinavyoshikana na mafuta, kisha zinapotea. Vipande vinaanza kuachana, ukitikisa kikaango kila kimoja kinatembea peke yake.

Sikio litakusaidia kuliko saa. Mlio mkali, wa juu, wa kukatikakatika ni wa maji yanayoondoka. Mlio mzito wa kutokota, wenye mapovu yanayopasuka polepole, ni wa maji yaliyobaki. Ukiusikia huo wa pili, vipande ni vingi mno au moto ni mdogo. Toa nusu uweke kwenye sinia, ongeza moto, endelea na vilivyobaki. Vile ulivyovitoa vitarudi baadaye bila madhara.

Kifuniko kisikaribie. Mvuke unagonga kifuniko, unageuka matone, unadondoka juu ya bamia, na kazi yote ya asubuhi inakwenda na maji.

Tindikali: ya nini, na lini

Minyororo ya ute ina sehemu zenye asili ya tindikali, na katika maji ya kawaida sehemu hizo zina chaji za aina moja. Chaji zinazofanana husukumana, ndiyo maana mnyororo unanyooka mrefu, unashika maji mengi na kunasana na wenzake hadi zipatikane zile nyuzi. Ukiongeza uchachu, chaji zinapungua, msukumano unalegea, mnyororo unajikunja mfupi. Ute uleule unakuwa mwepesi na nyuzi zake zinakatika upesi. Kinyume chake ni magadi: yanaongeza mnyooko huo na kulainisha kuta kwa pamoja, kwa hiyo mwenye kutafuta mlenda wenyewe ana sababu ya kuyatumia, na wewe leo una sababu ya kuyaacha kabatini.

Unaweza kurudia ile glasi ya mwanzo ukajionea. Weka glasi mbili, moja ya maji matupu, nyingine ya maji yenye vijiko viwili vya siki, na idadi sawa ya vipande katika kila moja. Baada ya nusu saa inua kijiko katika kila glasi ulinganishe uzi unaokifuata.

Ila tindikali ina gharama zake, na ndizo zinazoamua wakati wa kuitia. Kwanza, inakuja na maji. Ukimimina ndimu mapema, umelowesha kikaango ulichohangaika kukikausha. Pili, mboga iliyo kwenye uchachu inachelewa kulainika, hivyo bamia zitabaki ngumu ndani huku nje zikielekea kuungua. Tatu, rangi ya kijani kibichi inageuka ya zeituni ikikaa na tindikali kwenye moto. Kwa sababu hizo tatu, mimi huitia mwishoni, bamia zikiwa zimeshaiva na nyuzi zimekwisha au zimebaki chache, dakika moja au mbili kabla ya kuipua.

Kipimo: kijiko kimoja cha chakula cha maji ya ndimu au limau kwa nusu kilo nzima, yaani nusu kijiko kwa kila mkupuo. Siki nyeupe ni kipimo hichohicho. Nyunyiza kwa kuzungusha ili isimwagike mahali pamoja, geuza mara mbili, acha ikauke. Ukionja, usihisi ndimu mbele ya bamia. Ukiihisi, umezidisha.

Ipo njia nyingine inayosifiwa, ya kuloweka bamia kwenye siki kabla ya kupika. Inafanya kazi kwa sharti kwamba bamia ziwe nzima au zimepasuliwa kwa urefu, ziloweke nusu saa tu, na baadaye zikaushwe tena kwa kitambaa hadi zisinate. Kwa kawaida sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Niliwahi kuruka hatua hiyo siku ya wageni. Nilimimina bamia zilizolowa siki kwenye mafuta ya moto, mafuta yakaruka hadi ukutani, na kikaangoni nikapata supu chachu yenye nyuzi. Tangu hapo ndimu kwangu inangoja mwishoni.

Neno kuhusu chombo: kikaango cha chuma kisichopakwa kitu kinafaa sana kwa moto huu, lakini bamia zinaweza kugeuka nyeusinyeusi ndani yake, na uchachu unazidisha hilo pamoja na kuacha ladha ya chuma. Haina madhara, inaharibu sura tu. Ukitumia chombo hicho, ipua bamia kwanza, nyunyiza ndimu zikiwa kwenye bakuli na mvuke bado unatoka.

Mkupuo mzima, kwa saa

Hivi ndivyo jioni yangu ilivyokwenda na nusu kilo ya juzi. Saa kumi na moja nilizikata, zikakaa kwenye sinia kwa dakika ishirini na tano. Nikakaanga kitunguu kimoja kikubwa kwanza, peke yake, hadi kingo zikawa za dhahabu, nikakitoa. Vitunguu navyo vina maji, na vikiingia pamoja na bamia mbichi vinaziloweka. Nikafuta kikaango, nikatia mafuta mapya, nikamwaga nusu ya kwanza. Dakika tatu bila kugusa, nikageuza, na nyuzi zikaonekana kama kawaida yake. Dakika ya tano bado zipo. Dakika ya saba mlio ukapanda, vipande vikaanza kuachana. Dakika ya tisa kingo zina kahawia, nikabonyeza kipande kwa kijiko kikakubali bila kupondeka. Nusu kijiko cha ndimu, dakika moja, nikaipua kwenye sahani pana.

Nusu ya pili ilichukua dakika nane, kwa kuwa chombo kilikuwa kimeshika moto na vipande vilikuwa vimekaa hewani zaidi. Nikarudisha ya kwanza na vitunguu, nikatia vitunguu saumu viwili vilivyopondwa vikakaa nusu dakika tu, maana kwenye moto huo vinaungua ukigeuza shingo. Mwisho kabisa ndipo chumvi, robo tatu ya kijiko cha chai, na moto ukazimwa. Vitu vikipakuliwa mara moja, chumvi haipati muda wa kuvuta maji.

Ukitaka ziwe na mchuzi

Mchuzi ni maji, kwa hiyo hapa lazima ukubali kiasi fulani cha ute. Unachoweza ni kuupunguza. Kaanga bamia kama tulivyofanya, hadi kingo za kahawia, uziweke pembeni. Pika nyanya na viungo peke yake mpaka mchuzi uwe mzito, mafuta yakijitenga pembeni. Nyanya zina uchachu wake, kwa hiyo ndimu hapa ni ya kuonjea tu, huenda isihitajike. Kisha tia bamia dakika tatu hadi tano kabla ya kuipua, bila kufunika, na ugeuze mara moja au mbili tu. Ukizipika ndani ya mchuzi kwa nusu saa, ule utando uliokauka unaloa tena, vipande vinapasuka, na mbegu zinaanza kuogelea.

Njia ya kupika bamia nzima inafaa hapa pia. Chonga kofia kwa umbo la ncha ya penseli, bila kufikia tundu la mbegu, uzikaange nzima kisha uziingize kwenye mchuzi. Bamia isiyofunguliwa haina pa kuvujia. Kagua tu kwamba kisu hakikuingia ndani sana: ukiona kishimo juu ya kichwa, umefungua mlango.

Za kugandisha

Bamia zilizogandishwa zina shida yao, kwani barafu imeshapasua kuta za ndani, na zikiyeyuka ute unatoka na maji yote kwa pamoja. Usiziyeyushe. Zitie kwenye kikaango cha moto zikiwa bado mawe, kidogo kuliko kawaida, gramu 150 kwa mkupuo, na utarajie dakika kumi na mbili hadi kumi na tano. Simama mbali kidogo mwanzoni, barafu na mafuta hugombana. Zitapungua ute, lakini hazitafika pale zinapofika bamia mbichi.

Kiporo

Bamia kavu zikilala kwenye friji zinarudisha unyevu kiasi, na asubuhi utaziona zinashikana. Usizipashe kwa kufunika wala kwa kuongeza maji. Zirudishe kwenye kikaango cha moto bila mafuta mengine, safu moja, dakika mbili kila upande, na zitaachana tena.